TOEFL yangu ni 88, chuo kinataka IELTS 6.5: nimefikia au sijafikia?

*"Mwalimu, naomba msaada. Chuo ninachoomba kinataka IELTS 6.5, na hakuna stadi iwe chini ya 6.0. Mimi nilifanya TOEFL iBT Septemba 2025 nikapata 88: kusoma 25, kusikiliza 24, kuzungumza 19, kuandika 20. Jedwali moja la mtandaoni la kulinganisha mitihani hii miwili ya Kiingereza linaonyesha nimekwama kwenye kuandika, jingine linaonyesha nimekwama kwenye kuzungumza, na la tatu linasema nimepita kote. Tena kuna mwajiri anayetaka 'B2', basi, bila maelezo mengine. Nishike jedwali lipi?"*

Ndugu yangu, kabla ya jedwali lolote la mtandaoni, fungua ukurasa wa chuo chenyewe unaoeleza masharti ya lugha na utafute kama kimeandika alama zake za TOEFL. Vyuo vingi vinavyotaja IELTS kwanza huwa na orodha ya mitihani mingine vinayoikubali, mara nyingi ikiwa imefichwa chini ya kiungo kingine au ndani ya waraka wa kupakua. Kama ipo, hiyo ndiyo sheria yako, hata kama inapingana na majedwali yote uliyoyaona. Chuo hakilazimiki kufuata ulinganisho wa mtu yeyote. Kuna vinavyolinganisha IELTS 6.5 na TOEFL 79, na kuna vinavyotaka 88, 90 au hata 92 kwa 6.5 ileile. Havijakosea hesabu. Vimeamua, na sasa hivi utaona ni kwa nini vina nafasi ya kuamua.

Ila nadhani ungekuwa umeiona orodha hiyo usingeniandikia, kwa hiyo tuchukulie haipo au haijataja stadi moja moja. Hapo ndipo majedwali yako matatu yanapoingia. Hayapingani kwa sababu mojawapo limebuniwa na tapeli. Yametokana na njia tofauti za kulinganisha, na kila njia inajibu swali lake.

Njia ya kwanza ni kuwachukua watu waliofanya mitihani yote miwili na kuona alama zao zinavyopangana. ETS, shirika linalomiliki TOEFL, lilifanya hivyo na kutoa matokeo mwaka 2010, likitumia watahiniwa 1,153 waliokuwa na alama za TOEFL iBT na za IELTS pia. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Unawapanga watu wote kuanzia mwenye alama ndogo hadi mwenye kubwa katika TOEFL, kisha unawapanga watu haohao kwa IELTS. Kama alama fulani ya TOEFL inawaacha chini yake watu wengi sawa na wale wanaoachwa na 6.5 ya IELTS, alama hizo mbili zinahesabiwa kuwa zimekaa ngazi moja. Matokeo yake kwa jumla ni haya: IELTS 6.0 inaangukia TOEFL 60 hadi 78, IELTS 6.5 inaangukia 79 hadi 93, na IELTS 7.0 inaangukia 94 hadi 101.

Tazama upana wa vipande hivyo. 6.0 imebeba pointi 19 za TOEFL, 6.5 imebeba 15, na 7.0 imebeba 8 tu. Nusu alama ya IELTS haina bei moja ya TOEFL kila mahali, na ndiyo maana huwezi kugawanya na kuzidisha. Nasema hivi kwa sababu kuna majedwali yaliyotengenezwa hivyo hasa: mtu amechukua 6.5, akaigawa kwa 9, akazidisha kwa 120, akapata takribani 87, akaandika kwamba hiyo ndiyo IELTS 6.5. Kwa bahati yako 88 inapita hapo, lakini inapita kwa mlango usio wake. Ukiona jedwali ambalo kila hatua ina upana uleule kuanzia chini hadi juu, lifunge.

Upana huo pia unaeleza ule uamuzi wa vyuo. Mwenye 79 na mwenye 93 wote wanasomeka 6.5, lakini chuo kinapogeuza sharti lake kuwa namba ya TOEFL lazima kichague namba moja ndani ya kipande hicho. Anayechagua 79 amechukua sakafu, anayechagua 92 amesogea karibu na dari, na wote wawili wanaweza kulionyesha jedwali lilelile kama ushahidi.

Njia ya pili haiwagusi watu waliofanya mitihani yote miwili. Inapita kwenye mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, ule wa A1 hadi C2, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 na unaoandikwa kwa kifupi CEFR. Mfumo huo si mtihani. Ni maelezo ya mambo ambayo mtu wa kila kiwango anaweza kuyafanya kwa lugha: mwenye B2 anaweza kufuata mjadala wa namna hii, kuandika maandishi ya namna ile. Kuupachika mtihani kwenye mfumo huo, kwa kawaida jopo la wataalamu huketi na maswali ya mtihani, likamfikiria mtu aliyeingia B2 kwa nukta tu, na kuamua mtu huyo angepata alama ngapi. Uamuzi wa binadamu umo ndani yake tangu mwanzo, na uamuzi huweza kubadilishwa.

Na umewahi kubadilishwa. Mwanzoni ETS iliweka B2 ya TOEFL iBT kuanzia 87, na C1 kuanzia 110. Mwaka 2014 ikazishusha namba hizo pointi 15 kila moja: B2 ikaanzia 72, C1 ikaanzia 95. Mtihani ulikuwa uleule, watahiniwa walewale, ila mstari ulisogezwa. Majedwali ya zamani hayakufutwa mtandaoni, na bado yanazunguka bila tarehe. Kwa hiyo ukikuta linalosema B2 ni 87, ujue umeshika karatasi ya kabla ya 2014.

Sasa tuzipitishe alama zako kwenye njia zote mbili, stadi kwa stadi, kwa sababu sharti la chuo lina sehemu mbili na sehemu ya pili ndiyo inayokusumbua.

Kwa jumla huna tatizo. 88 imo kati ya 79 na 93, kwa hiyo inasomeka 6.5. Kusoma 25 na kusikiliza 24 zote zinaangukia kipande cha 7.0 katika ulinganisho wa 2010, ambacho kwa stadi zote mbili ni 24 hadi 26. Hizo ziweke kando.

Kuzungumza 19: katika ulinganisho huo, 18 na 19 ndiyo IELTS 6.0. Umepita, ukingoni lakini umepita. Kuandika 20: hapa 6.0 inaanzia 21 na kuishia 23, ilhali 18 hadi 20 ni 5.5. Umekosa kwa pointi moja. Jedwali lako la kwanza, linalokwambia umekwama kwenye kuandika, bila shaka limetokana na ulinganisho huu.

Pitia sasa njia ya CEFR. Mtu anayetumia njia hii anasema hivi: IELTS 6.0 ni B2, kwa hiyo nitazame TOEFL ya B2 ni ngapi katika kila stadi. Kwa alama za 2014, B2 ya kuandika inaanzia 17 hadi 23, kwa hiyo 20 yako imepita bila jasho. Lakini B2 ya kuzungumza inaanzia 20. 19 ni B1. Kwa njia hii umekwama kwenye kuzungumza na umepita kwenye kuandika, kinyume kabisa cha njia ya kwanza. Hilo ndilo jedwali lako la pili. La tatu, linalosema umepita kote, nina hakika limetazama jumla tu na halikuuliza habari za stadi.

Kwa hiyo mtu mmoja, karatasi moja ya matokeo, na hukumu mbili zinazopishana. Kosa halimo katika alama zako. Limo katika kuipitishia 6.0 kwenye CEFR, kama kupeleka ujumbe kwa mdomo wa mtu wa tatu. B2 ya IELTS ni kipande kipana kinachoanzia 5.5 hadi 6.5. Ukiigeuza 6.0 kuwa "B2" umeshaitupa habari kwamba ilikuwa 6.0, umebaki na kapu ambalo ndani yake mna 5.5 pia. Kisha unaenda kwenye TOEFL na kuchukua sakafu ya kapu la B2 la kule, sakafu iliyowekwa na jopo jingine, kwa mtihani mwingine. Makapu mawili yenye jina moja hayana lazima ya kuwa na midomo mahali pamoja. Ushahidi uko mkononi: kwa ulinganisho wa moja kwa moja, IELTS 5.5 inaangukia TOEFL 46 hadi 59, lakini kwa CEFR 5.5 ni B2, na B2 ya TOEFL inaanzia 72. Pengo hapo ni zaidi ya pointi kumi.

Ndiyo maana kanuni ninayoifuata ni hii: sharti lililoandikwa kwa alama za mtihani fulani lilinganishwe moja kwa moja na mtihani ulio nao, na sharti lililoandikwa kwa herufi za CEFR lilinganishwe kwa CEFR. Usichanganye. Chuo chako kimeandika 6.5 na 6.0, kwa hiyo njia ya kwanza ndiyo yako, na kwa njia hiyo una upungufu kwenye kuandika. Najua ulitaka jibu jingine.

Hata hivyo, usiipokee hukumu hiyo kana kwamba ni kipimo cha damu. Ulinganisho wa 2010 una udhaifu wake, na udhaifu mkubwa zaidi uko hasa kwenye kuandika. Katika utafiti huo, alama za jumla za mitihani miwili zilikwenda pamoja kwa kiasi kizuri, uhusiano wa 0.73 ambapo 1 ingekuwa mpangilio uleule bila tofauti hata kidogo. Kwenye kuandika uhusiano ulishuka hadi 0.44. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata kama 0.19, maana yake chini ya moja ya tano ya tofauti za watu katika mtihani mmoja inaelezwa na tofauti zao katika mwingine. Kwa lugha nyepesi: kujua ulipata 20 ya kuandika kwenye TOEFL kunanipa fununu tu ya ungepata ngapi kwenye IELTS. Wapo wa 20 ambao wangepata 6.5, na wapo ambao wangepata 5.0.

Sababu yake inaeleweka ukiitazama mitihani yenyewe. Katika TOEFL uliyofanya, swali la kwanza la kuandika lilikutaka usome kifungu, usikilize mhadhara unaokipinga, kisha uandike jinsi hoja zinavyogongana. Aliyekosa kusikia vizuri anaandika vibaya. Katika IELTS ya Akademia, kazi ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro, na ya pili ni insha ya hoja. Hakuna cha kusikiliza. Kuzungumza nako ni hivyohivyo: IELTS unaketi na mtahini anayekuuliza na kukufuatilia, TOEFL unazungumza na mashine huku saa ikihesabu. Mitihani yote inaita sehemu hizo kwa majina yaleyale, lakini haikuombi ufanye kazi ileile.

Jambo jingine ni kosa la upimaji, ambalo hakuna mtihani unaolikwepa. Kwa TOEFL iBT ya mfumo wa 0 hadi 120, ETS ilikuwa ikilikadiria kuwa zaidi kidogo ya pointi 5 kwa jumla, na kati ya pointi 2 na 3 kwa kuandika. Ungefanya mtihani tena wiki inayofuata bila kujifunza neno jipya, 20 yako ingeweza kuwa 22 au 18. Kwa hiyo kati ya 20 na 21 hakuna tofauti ya uwezo ambayo mtu anaweza kuitetea. Lakini nikuonye: usimwandikie afisa udahili hoja hiyo. Mstari wa chini upo ili mtu asibishane na kila mwombaji, na hoja ya kosa la upimaji ingempa haki mwenye 19 pia, kisha mwenye 18.

IELTS nayo ina jambo lake la kukadiria namba. Jumla yake ni wastani wa stadi nne uliosogezwa kwenye nusu iliyo karibu, na robo husogezwa juu. Aliyepata 6.5, 6.5, 6.0 na 6.0 ana wastani wa 6.25, na karatasi yake inasoma 6.5. Zako zikigeuzwa stadi kwa stadi ni 7.0, 7.0, 6.0 na 5.5, wastani 6.375, nayo inasoma 6.5. Nafurahi kuona inakubaliana na ile tuliyoipata kwa jumla, maana zisipokubaliana huwa ni dalili kwamba mtu amechanganya safu za jedwali.

Usidhani pia kwamba wanaotumia majedwali haya kisheria wamekwisha kutulia. Serikali ya Australia, katika masharti ya lugha ya viza zake, kwa miaka mingi ililinganisha IELTS 7 katika kila stadi na alama 65 ya mtihani wa PTE Academic katika kila stadi. Namba moja kwa zote nne, rahisi kukumbuka. Kuanzia tarehe 7 Agosti 2025, kwa mitihani iliyofanywa tangu siku hiyo, IELTS 7 ileile ikawa PTE 58 ya kusikiliza, 59 ya kusoma, 69 ya kuandika na 76 ya kuzungumza. Mtu mwenye 65 kwenye kuzungumza, aliyekuwa salama jana yake, akawa amepungukiwa pointi 11. Hapo utaona namba moja kwa stadi zote ilikuwa imeficha nini, na kwa nini tarehe ya mtihani wako ni sehemu ya alama zako.

Tarehe inakugusa wewe pia kwa upande mwingine. Tangu tarehe 21 Januari 2026 TOEFL iBT imebadilika: stadi na jumla hutolewa kwa mizani ya 1 hadi 6, ikipanda nusu nusu, na imepangwa kufuata CEFR, ambapo 4 na 4.5 ni B2 na 5 na 5.5 ni C1. Kwa kipindi cha mpito cha miaka miwili karatasi inaonyesha pia jumla inayolingana ya mfumo wa zamani wa 0 hadi 120. Karatasi yako ya Septemba 2025 ni ya mizani ya zamani, nayo inaishi miaka miwili, hadi Septemba 2027. Ukirudia TOEFL leo utarudi na karatasi isiyofanana na hii, na lile jedwali la 2010 la stadi moja moja halitaihusu. Jedwali lolote linalogeuza "20 ya kuandika" kuwa kitu fulani kwenye mtihani mpya, lisome kwa macho mawili.

Sasa hatua zenyewe. Kwanza andikia ofisi ya udahili ya chuo, ujumbe mfupi wenye maswali yanayojibika kwa namba. Usiulize "je, alama zangu zinatosha?", kwa sababu jibu la kawaida ni "tafadhali tuma maombi yako, tutayapitia." Uliza hivi:

"Nina matokeo ya TOEFL iBT ya Septemba 2025, jumla 88: kusoma 25, kusikiliza 24, kuzungumza 19, kuandika 20. Kwa programu hii, je, mnapokea TOEFL iBT ya mizani ya 0 hadi 120? Kama ndiyo, alama ya chini ya jumla ni ngapi, na ya chini kwa kila stadi ni ngapi? Na kama stadi moja imepungua, je, kuna kozi ya lugha ya kabla ya masomo inayokubaliwa mahali pa kurudia mtihani?"

Swali la mwisho usiliache. Vyuo kadhaa huwapa nafasi ya masharti waliopungukiwa kidogo kwenye stadi moja, na kozi hiyo wakati mwingine ndiyo njia fupi. Jibu likija, litunze. Anayepokea maombi yako baada ya miezi miwili huenda si yule aliyekujibu.

Kama watajibu kwamba kuandika kunahitaji 21 au zaidi, una uamuzi wa kufanya: urudie TOEFL katika sura yake mpya, au ufanye IELTS, mtihani ambao chuo kimeandika kwa jina. Mimi ningekushauri IELTS ya Akademia. Sisemi ni rahisi zaidi. Nasema kwamba ukipata 6.5 na kila stadi 6.0, hakuna mtu atakayehitaji jedwali, na mjadala wote huu utakuwa umekwisha. Angalia tu usijisajili kwenye IELTS ya Mafunzo ya Jumla kwa makosa. Kusikiliza na kuzungumza ni vilevile, lakini kusoma na kuandika ni tofauti, na vyuo kwa kawaida hutaka ile ya Akademia ingawa karatasi zote mbili zinaonyesha alama za 0 hadi 9. Ukifanya ya kompyuta na stadi moja ikakuangusha, IELTS inaruhusu, mahali ambapo huduma hiyo ipo, kurudia stadi hiyo moja ndani ya siku 60. Hapo napo chuo kina neno, kwa kuwa si vyote vinavyopokea matokeo ya namna hiyo, hivyo ongeza swali hilo kwenye ujumbe wako.

Kabla hujalipa ada ya mtihani wowote, pima kuandika kwako kwa insha mbili au tatu za IELTS zilizosahihishwa na mtu anayevijua vigezo vyake vinne: kujibu swali lililoulizwa, mshikamano wa aya, msamiati na sarufi. 20 yako ya TOEFL haiwezi kuniambia ni kipi kilikuangusha. Huenda ni kusikiliza mhadhara wa swali la kwanza, na kama ni hivyo IELTS itakufaa mara moja. Lakini kwa 24 ya kusikiliza, sidhani. Ningetazama sarufi na mpangilio wa hoja kwanza.

Twende kwa mwajiri. Yeye ameandika kwa herufi, kwa hiyo kwake njia ya CEFR ndiyo halali. 88 imo kati ya 72 na 94, yaani B2. Akitazama jumla, umepita tena kwa nafasi nzuri. Akitazama stadi, kusoma na kusikiliza kwako ni C1, kuandika B2, kuzungumza B1 kwa upungufu wa pointi moja. Kama kazi yenyewe ni ya kupokea simu za wateja, hiyo 19 itamvutia macho kuliko 88, na ana haki. Kama ni ya kuandaa ripoti, huenda asiitazame kabisa. Tofauti na chuo, mwajiri mara nyingi hana jedwali. Aliyeandika tangazo aliweka "B2" kwa sababu tangazo la mwaka jana lilisema hivyo. Hapa unaweza kuuliza wazi kama anataka B2 ya jumla au ya kila stadi, na kama cheti chochote kinachoonyesha kiwango kinakubalika au ana mtihani anaoutaka. Wengine wanaamua kwa mahojiano, na ukizungumza vizuri kwa nusu saa hakuna atakayeuliza habari za 19.

Kwenye wasifu wako wa kazi na kwenye fomu, andika kilichomo kwenye karatasi yako na si tafsiri yake: "TOEFL iBT 88, Septemba 2025, kusoma 25, kusikiliza 24, kuzungumza 19, kuandika 20". Kwa mwajiri unaweza kuongeza "B2 kwa jumla", kwa sababu kiwango hicho kimetolewa na wenye mtihani. Usiandike "sawa na IELTS 6.5" mahali popote panapohitaji saini yako. Fomu inapokuwa na kisanduku cha IELTS peke yake, kiache wazi na uweke maelezo kwenye nafasi ya ziada, au uulize kabla ya kutuma. Mtu akijaza 6.5 pale kisha karatasi ya TOEFL ikafika, anayekagua anaona alama ya mtihani ambao haukufanywa, na ana sababu ya kuyarudisha maombi hata kama namba ingetosha.